Brosha inacheza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kukagua mpangilio na gridi ya kurasa

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu wanaotengeneza brosha za mahoteli, mashamba ya viungo na skuli hapa Unguja na Pemba. Mengi yamerudi mezani kwangu zaidi ya mara kumi. Mfano ninaoutumia kote ni mmoja: brosha ya shamba la viungo, ukubwa wa A5, kurasa 16, imekunjwa na kupigwa pini mbili mgongoni. Nimeuchagua kwa sababu makosa yake yalikuwa ya kawaida kabisa, na kila moja lilikuwa na chanzo chake.

## Ya mwanzo

Mteja anasema brosha "inacheza". Anamaanisha nini?

Mwenye shamba, bibi wa makamo, alipopewa nakala ya kwanza aliifungua, akairudisha mezani na kusema: "Mwanangu, picha nzuri, lakini kitabu kinacheza." Nikamuomba anioneshe wapi. Hakuweza. Alichofanya ni kupeperusha kurasa haraka kwa kidole gumba, na hapo nikaona mwenyewe: ukingo wa maandishi ulikuwa unaruka kushoto na kulia, na namba ya ukurasa ilikuwa inapanda na kushuka.

Msomaji hajui gridi wala hahitaji kuijua. Jicho lake, baada ya kurasa mbili tatu, limeshazoea maandishi yanapoanzia, na linakwenda kuyatafuta palepale kwenye ukurasa unaofuata. Yasipokuwepo, hata kwa milimita moja, anahisi kitu kimesogea. Ndiyo maana ukaguzi wa brosha ya kurasa nyingi ni tofauti na wa bango. Bango unauliza kama vitu vyake vimenyooka. Brosha unauliza kama vimenyooka *palepale* kila ukurasa.

Gridi ya brosha hii ilikuwaje?

Ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148 na urefu wa 210. Pambizo ya ndani, upande wa mgongo, tuliipa milimita 18 kwa sababu mkunjo humeza sehemu yake. Ya nje 12. Zikabaki milimita 118 za kuandikia. Tukazigawa safu 4 zenye nafasi ya milimita 4 kati yake: nafasi tatu ni 12, zinabaki 106, kila safu milimita 26.5. Maandishi marefu yanachukua safu mbili kwa pamoja, yaani milimita 57, na picha ndogo safu moja.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kulia, ambao ndio wenye namba witiri, vitu vinaruhusiwa kuanzia milimita 18, 48.5, 79 au 109.5 tu. Kwenye ukurasa wa kushoto pambizo zinageuka, ya nje ndiyo inayotangulia, hivyo mianzo ni 12, 42.5, 73 na 103.5. Andika namba hizi kwenye karatasi na uibandike karibu na kompyuta kabla hujakagua chochote. Ukaguzi usio na namba za kulinganishia unabaki kuwa maoni.

Kwa nini ukurasa mmoja mmoja ukiuangalia hauoneshi kosa?

Kwa sababu kila ukurasa peke yake unaweza kuwa umenyooka. Kwenye brosha ya shamba, ukurasa wa 7 ulikuwa safi: safu mbili sawa, picha imefuata ukingo wa maandishi, hakuna kilichopinda. Tatizo lake lilikuwa kwamba wote kwa pamoja ulikuwa umesogea karibu milimita moja kuelekea mgongoni ukilinganisha na wa 5 na wa 9. Fundi mwashi anaweza kujenga matofali yaliyopangana vizuri kila mstari, na ukuta ukalala. Ndiyo maana anatembea na timazi. Sisi timazi yetu ni kurundika kurasa, na nimeieleza katika maswali mawili yanayofuata.

## Namna ya kukagua

Nianzeje kwa njia rahisi kabisa?

Kwa dirisha. Chapa kurasa za kulia peke yake, upande mmoja wa karatasi, karatasi nyepesi ya gramu 80, pamoja na alama za kukatia kwenye pembe. Kisha pandanisha karatasi mbili, zilinganishe *kwa alama za kukatia*, zikandamize kwenye kioo mchana jua likiwa kali, utazame. Maandishi ya ukurasa wa 5 na wa 7 yanaonekana kwa pamoja. Yakianzia mahali pamoja, ukingo wa kushoto unakuwa mweusi na mkali kama umekatwa kwa wembe. Yakiwa yamepishana, ukingo unaota kivuli.

Tahadhari ni mbili. Ya kwanza, usilinganishe kwa kingo za karatasi. Printa huvuta karatasi ikiwa imepinda kidogo, na ukifuata kingo utalilaumu faili kwa kosa la mashine. Ya pili, kwenye dirisha la kuchapa chagua `Actual size`, si `Fit`. Ukiacha `Fit`, ukurasa unakuzwa au kupunguzwa ili uenee, na rula yako haitasoma tena milimita za kweli.

Ukimaliza za kulia, fanya za kushoto. Usizichanganye, kwa sababu mianzo yao inatofautiana kwa milimita 6 kwa makusudi.

Nina PDF tu, na kurasa ni nyingi. Kuna njia ya kuzirundika zote mara moja?

Ipo, na ndiyo ninayoitumia siku hizi kabla ya kupoteza wino. Zinahitajika programu mbili za bure, Poppler na ImageMagick. Ya kwanza inageuza kurasa kuwa picha, ya pili inazilaza moja juu ya nyingine na kubakisha kilicho cheusi zaidi kila mahali.

```
pdftoppm -r 150 -gray -png -o -f 3 -l 15 brosha.pdf kulia
convert kulia-*.png -evaluate-sequence min rundo-kulia.png
```

Hapo `-o` inachukua kurasa za witiri tu. Kwa za kushoto weka `-e`, anzia `-f 2`, ishia `-l 14`, na ubadilishe jina `kulia` liwe `kushoto`. Jalada, yaani ukurasa wa 1 na wa 16, nimeliacha nje kwa sababu kwa kawaida lina mpangilio wake.

Fungua picha ya rundo na utazame kingo kwanza. Safu zilizotulia zinaonekana kama nguzo zenye pande kali. Penye ukurasa uliotoroka utaona ukingo wa pili mwembamba kando ya ule mkuu. Kwa kipimo cha 150, milimita moja ni nukta 6 hivi za picha, kwa hiyo hata nusu milimita inaonekana ukikuza. Kumjua mkosaji, toa faili moja moja kwenye rundo hadi kivuli kitoweke.

Njia hii ina kikomo kimoja: ukurasa uliojaa picha kutoka ukingo hadi ukingo utaliziba rundo zima. Uondoe, kisha uukague peke yake.

Ndani ya InDesign nisome namba gani, na kwa nini namba zangu hazifanani na za kwako?

Bofya kisanduku, soma `X` kwenye paneli ya juu. Kisanduku cha safu ya kwanza ukurasa wa kulia kinatakiwa kisome 18, bila desimali inayoning'inia. Watu wengi huniletea namba nyingine kabisa wakidhani faili limeharibika, na mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili.

Pembeni mwa `X` kuna kimraba chenye nukta tisa. Nukta iliyowashwa ndiyo inayopimwa. Ikiwa ni ya katikati, kisanduku cha milimita 57 kinachoanzia 18 kitasoma 46.5, kwa sababu kinapimwa kitovu chake. Washa nukta ya juu kushoto kabla ya kusoma chochote.

Sababu ya pili ni rula. Ikiwa imewekwa `Ruler Per Spread`, kurasa zinazotazamana zinapimwa kama karatasi moja, na ukurasa wa kulia unaanza kuhesabiwa kutoka 148. Ile 18 yako itasoma 166. Bofya rula kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua `Ruler Per Page`.

Kushoto na kulia nimeelewa. Na kwenda chini?

Kwenda chini kinachokaguliwa ni mstari wa kukalia herufi: ule mstari usioonekana ambao maandishi hukaa juu yake kama kunguru juu ya waya. Brosha yetu ilikuwa na herufi za pointi 9 na nafasi ya pointi 12 kutoka mstari hadi mstari. Maana yake, kila mstari wa maandishi ya kawaida, kila safu, kila ukurasa, unatakiwa ukae kwenye ngazi za pointi 12 kuanzia juu.

Washa gridi hiyo kwa `View > Grids & Guides > Show Baseline Grid`, kisha pitia kurasa mbili mbili kama msomaji atakavyoziona. Weka rula mlalo kwenye mstari wa mwisho wa safu ya kushoto, uivute hadi ukurasa wa kulia. Ikipita chini ya maneno ya upande wa pili, salama. Ikipasua herufi katikati, nenda kwenye swali la vichwa vya habari hapo chini.

## Makosa na vyanzo vyake

Katika brosha ya shamba mlikuta nini hasa?

Makosa matatu, mbali na namba za kurasa. Ukurasa wa 7 ulianzia 17.2 badala ya 18. Ukurasa wa 9 mistari ya safu ya kushoto haikukutana na ya safu ya kulia. Ukurasa wa 11 maandishi yalianzia 19, ingawa kisanduku kilisoma 18.

Ukurasa wa 7, uliokuwa na habari za mdalasini na hiliki, ulinakiliwa kutoka brosha ya mwaka uliotangulia, iliyokuwa na pambizo nyingine. Kijana wangu aliubandika, akauona umekaa vizuri, akaendelea. Tiba yake haikuwa kusogeza kwa mkono. Tulibandika upya maandishi ndani ya visanduku vinavyotoka kwenye ukurasa mama, ule unaobeba mistari elekezi na namba za kurasa kwa brosha nzima. Ukisogeza kwa mkono leo umepona, lakini siku pambizo ikibadilishwa, ukurasa huo utabaki nyuma peke yake.

Namba za kurasa zilizopanda na kushuka zilikuwa na chanzo hichohicho: kurasa tatu zilikuwa na namba zilizochapwa kwa mkono, zikiwa zimetenganishwa na ukurasa mama.

Kisanduku kinasoma 18 lakini maandishi yanaanzia 19. Inawezekanaje?

Kisanduku kinaweza kuwa na nafasi ya ndani, kama fremu ya picha yenye ukingo. Chagua kisanduku, bonyeza `Ctrl+B`, utazame `Inset Spacing`. Cha ukurasa wa 11 kilikuwa na milimita 1 kila upande, mabaki ya wakati ambapo kisanduku kilikuwa na rangi ya nyuma. Rangi ilifutwa, nafasi ikasahauliwa.

Hili ndilo kosa linalowaponyoka hata wenye kusoma namba kwa bidii, kwa sababu namba ni sahihi. Rundo la kurasa linalikamata, kwa kuwa linaangalia wino wenyewe. Ndiyo maana nasisitiza vyote viwili vifanyike.

Mistari ya safu mbili haikutani. Nani mkosaji?

Karibu kila mara ni kichwa cha habari kidogo katikati ya safu. Kwenye ukurasa wa 9 kichwa cha "Karafuu" kilikuwa na nafasi ya mstari ya pointi 20 na kimeachiwa pointi 10 juu yake. Jumla 30. Lakini ngazi zetu ni za 12, na 30 ni ngazi mbili na nusu. Kuanzia hapo safu nzima ilishuka nusu mstari, na kila neno la kushoto likawa linatazamana na uwazi wa kulia.

Tulikipa kichwa nafasi ya pointi 24 na juu yake 12. Jumla 36, ngazi tatu kamili, na maandishi yaliyofuata yakarudi mahali pake yenyewe. Wanaosuka mkeka wanalijua jambo hili kwa mikono: shupatu moja likizidi upana, kila linaloshonwa baada yake linakwenda upande.

Usiharakishe kuwasha `Align to Baseline Grid` kwa kila kitu. Inanyoosha maandishi, lakini kichwa cha mistari miwili kinaweza kurushwa ngazi nzima na kuacha pengo kubwa. Iwashe kwa maandishi ya kawaida, na vichwa vipigie hesabu.

Mimi natumia Canva. Nafanyaje?

Canva haina gridi ya mistari ya kukalia herufi, kwa hiyo nusu ya kazi utaifanya kwa hesabu na kwa jicho. Ukibofya kitu kisha `Position`, sehemu ya `Arrange`, utaona `X` na `Y` zake. Zilinganishe ukurasa hadi ukurasa. Jenga ukurasa mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto kwa ukamilifu, kisha uzinakili kurasa hizo badala ya kuanza upya kila mara. Mwisho toa PDF na uirundike kama nilivyoeleza juu.

## Baada ya kuchapwa

Faili limenyooka, lakini nakala iliyochapwa imepinda. Nimlaumu nani?

Pima uhusiano wa vitu kwenye ukurasa uleule. Chukua rula, pima kutoka ukingo wa maandishi hadi namba ya ukurasa, kisha kutoka maandishi hadi ukingo wa karatasi. Fanya hivyo kurasa nne tano.

Ikiwa umbali wa kwanza ni uleule kila mahali na wa pili ndio unaobadilika, wino wote umesogea kwa pamoja: ni mkunjo au kisu. Ikiwa wa kwanza wenyewe unabadilika, kosa ni lako, limo ndani ya faili, na mpiga chapa usimguse. Kukunja na kukata kwa kawaida hukengeuka hadi milimita moja hivi. Hilo ni la kutegemewa, na ndiyo sababu usiweke mstari mwembamba wa rangi milimita 2 kutoka ukingoni: kila mkengeuko mdogo utaonekana wazi pembeni yake.

Kurasa za katikati zina pambizo ya nje nyembamba kuliko za mwanzo. Ni gridi?

Hapana, ni unene wa karatasi. Karatasi zilizokunjwa zikiwekwa moja ndani ya nyingine, za ndani husukumwa nje kidogo, kisha kisu kinasawazisha zote kwa pamoja. Za ndani ndizo zinazopoteza.

Brosha ya kurasa 16 ina karatasi 4 tu. Kwa karatasi yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita, ya ndani kabisa inatoka nje ya ya kwanza kwa takriban sehemu tatu za kumi za milimita, hutaona kitu. Kurasa 48 ni karatasi 12, na hapo inazidi milimita moja. Muulize mpiga chapa kama programu yake inafidia kabla hujasogeza chochote, maana mkifidia wote wawili kosa linageuka upande wa pili.

## Penye utata

Namba zote ziko sawa, lakini jicho langu linakataa. Nifuate lipi?

Jicho, baada ya kujua sababu. Kila herufi hubeba uwazi mdogo ubavuni mwake, na uwazi huo hukua na herufi. Kichwa cha pointi 36 kinachoanza na K kitaonekana kimeingia ndani nusu milimita au zaidi kuliko maandishi ya pointi 9 yaliyo chini yake, ingawa visanduku vyote vinasoma 18. Kivute kushoto hadi nguzo ya K iwe juu ya ukingo wa maandishi, na ufanye vivyo hivyo kwenye kurasa zote zenye kichwa cha aina hiyo.

Kwetu pwani kuna mbili nyingine. Picha ya ufukweni yenye anga jeupe haina ukingo wa juu. Wino unaishia na karatasi, na picha inaonekana fupi kuliko jirani yake japo zinalingana. Ikate anga litoke, au izungushie mstari mwembamba wa kijivu. Na upeo wa bahari uliolala digrii moja utafanya ukurasa mzima uonekane umepinda, hata gridi ikiwa kamili. Nyoosha upeo kwanza. Kurasa zinazotazamana zikiwa na picha mbili za bahari, lete maji yao kwenye kimo kimoja.

Nikitaka kuvunja gridi makusudi?

Vunja kwa kiasi kinachoonekana. Picha iliyotoka nje ya safu kwa milimita 15 ni uamuzi. Iliyotoka kwa milimita 2 kila mtu ataisoma kama kosa. Na hata inapotoka upande mmoja, upande wa pili iache kwenye mstari wake.

Brosha ina Kiswahili na Kiarabu. Gridi ni moja?

Ngazi za kwenda chini ziwe moja, mianzo ya safu igeuzwe. Kiarabu kinaanzia kulia, kwa hiyo ukingo mkali wa kukagua ni wa kulia wa kila safu, na kwenye rundo utazame huko. Herufi za Kiarabu zinashuka chini ya mstari kuliko zetu, na zikiwa na irabu hupanda pia. Pointi 12 mara nyingi zinazibana. Nimeona inafaa zaidi kupanua ngazi kuwa 14 kwa lugha zote mbili kuliko kuipa kila lugha ngazi yake, maana zikitazamana kurasa mbili, mistari isiyokutana inaonekana mara moja.

Kurasa hizo zirundike mara mbili: za Kiswahili peke yake, za Kiarabu peke yake. Kisha chukua ukurasa mmoja wa kila upande, upitishe rula mlalo chini ya mistari ya mwisho, kama ilivyoelezwa kwenye swali la kwenda chini.